Hashi Haifichi Nambari ya Simu

Tuchukue mfano wa kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass kilicho Nkubu, kinachotangaza kwenye Facebook na kuuza kuanzia Meru hadi Embu. Mkulima akivutiwa na tangazo anajaza fomu fupi papo hapo kwenye simu: jina, nambari, kaunti ndogo anayotoka, na idadi ya miche anayotaka. Msimu ukiisha, kuna watu wawili wa nje wanaosubiri matokeo. Wa kwanza ni wakala wa matangazo aliye Nairobi, anayetaka kujua ni tangazo lipi lililoleta wanunuzi. Wa pili ni kampuni ya kununua matunda iliyochangia gharama za kampeni. Mwenye kitalu aliye mwangalifu hufuta safu ya majina, hugeuza nambari za simu kuwa hashi, kisha hutuma faili lote lililobaki akiamini amewalinda wateja wake. Hajawalinda. Kinachofaa kutoka ofisini mwake ni hesabu, si orodha ya watu. Pale orodha inapohitajika kweli, kila mtu apewe msimbo wa kubahatisha usiotokana na chochote kinachomhusu.

Tuanze na hashi, maana ndiyo inayopotosha wengi. Ukiingiza nambari kwenye SHA-256, unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64 usiofanana na kitu chochote, na kweli hakuna fomula ya kuurudisha nyuma. Lakini anayetaka kuujua hana haja ya kuurudisha nyuma. Nambari za simu za mkononi za Kenya huanza kwa 07 au 01, kisha zinafuata tarakimu nane. Hiyo ina maana nambari zote zinazowezekana, zilizotolewa na zisizotolewa, hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida hukokotoa hashi zipatazo milioni moja kwa sekunde bila kutoa jasho. Kwa hiyo mtu anaweza kukokotoa hashi ya kila nambari ya nchi hii katika muda wa kunywa kikombe cha chai, akazihifadhi, kisha akatafuta zako humo moja baada ya nyingine. Wafanyabiashara wa Kenya wameshaliona jambo hili kwa macho yao. Mfumo wa malipo wa M-Pesa ulipoanza kuwapelekea baadhi yao hashi badala ya nambari kamili ya mlipaji, walijitokeza watu mitandaoni wakiuza huduma ya kuzirudisha kuwa nambari. New York iliaibika kwa namna hiyo hiyo mwaka 2014: data ya safari za teksi zaidi ya milioni 170 ilitolewa kwa umma ikiwa na nambari za teksi zilizofichwa kwa hashi ya MD5, na mhandisi mmoja akazifichua zote kwa muda mfupi, kwa sababu nambari za teksi, kama zetu za simu, zina muundo unaojulikana na idadi yenye kikomo.

Hapo huja pingamizi la kwanza: mbona Meta na Google wenyewe wanataka tuwapelekee nambari zikiwa hashi za SHA-256? Ni kweli wanataka, na sababu yao ndiyo inayothibitisha hoja. Wanaitaka hashi kwa kuwa nao wana nambari za watumiaji wao, wanazigeuza kwa njia ile ile, kisha wanalinganisha zipi zinafanana. Hashi hapo ni chombo cha kutambulishana mtu bila kutumiana nambari yake waziwazi. Mshirika wako mwenye orodha yake ya wakulima 8,000 anaweza kufanya ulinganishaji uo huo jioni moja, nawe hutajua. Kuweka nyota katikati, kama 0722***149, ni dhaifu zaidi: tarakimu saba zinabaki wazi, na katika orodha ya watu 8,000 wengi hawatakuwa na wa kufanana nao kwenye hizo saba zote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo haimsaidii anayeegemea hashi. Kifungu cha 37 kinamtaka anayetumia data ya watu kibiashara aiondolee utambulisho, inapowezekana, kiasi kwamba mhusika hawezi kutambulika tena. Kipimo ni kama mhusika anatambulika, si kama safu ya jina imefutwa. Data inayoweza kurudishwa kwa mtu kwa msaada wa taarifa nyingine, sheria hiyo inaihesabu kuwa imebadilishwa jina tu, na bado ni data binafsi. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya kidijitali, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine kuwasumbua waliotajwa. Kesi hiyo haikuhusu matangazo, lakini inaonyesha nambari inavyoweza kutumiwa ikishafika mikononi mwa mtu ambaye mwenyewe hakumpa.

Sasa tuangalie faili lenyewe. Orodha inayopakuliwa kutoka kwenye fomu za Meta haina jina na simu tu. Ina `id` ya kila aliyejaza, ina `created_time` yenye saa, dakika na sekunde, ina majina ya kampeni na tangazo, na ina majibu ya maswali uliyoyaongeza mwenyewe. Ile `id` ni hatari ambayo wengi hawaioni: wakala aliyepewa ruhusa kwenye ukurasa wako anaweza kuitafuta na kuliona jina. Saa kamili nayo inamtambulisha mtu kwa yeyote anayejua lini alipigiwa simu ya kwanza. Ndiyo maana napendekeza usifikirie kufuta safu mbaya, bali kuchagua safu chache nzuri na kuziacha nyingine zote nyuma. Tofauti ni kubwa. Msimu ujao ukiongeza swali la kijiji kwenye fomu, anayefuta safu atalisahau na litapita, lakini anayechagua safu halitampita asipoliita kwa jina.

```python
import pandas as pd, secrets
d = pd.read_csv("leads.csv", encoding="utf-16", sep="\t")
d = d.drop_duplicates("phone_number").sample(frac=1)
d["msimbo"] = [secrets.token_hex(4) for _ in d.index]
d[["msimbo", "id", "phone_number"]].to_csv("ufunguo.csv", index=False)
d["siku"] = d["created_time"].str[:10]
d[["msimbo", "siku", "ad_name", "sub_county"]].to_csv("nje.csv", index=False)
```

Mstari wa tatu unaondoa waliojaza fomu mara mbili, kisha unachanganya mpangilio, kwa sababu orodha iliyopangwa kwa saa hubaki na saa ndani yake hata safu ya saa ikiondolewa. Msimbo unatoka kwa bahati nasibu, si kwa nambari, kwa hiyo hakuna hesabu itakayourudisha. Njia pekee ya kutoka kwenye msimbo hadi kwa mtu ni faili la `ufunguo.csv`, ambalo halitoki ofisini.

Wako watakaosema kwamba hawaandiki programu, na kwamba Excel inawatosha. Inatosha, ila ina mtego wake. Jedwali la muhtasari linaloitwa PivotTable hubeba ndani yake nakala ya data lililotokana nayo. Unaweza kuufuta ukurasa wenye majina, ukatuma jedwali la hesabu peke yake, na mpokeaji akabofya mara mbili kwenye jumla, safu zote zikafunguka mbele yake na majina yake yote. Safu iliyofichwa, bila shaka, ni kubofya mara moja tu. Dawa ni kunakili jedwali na kulibandika kama thamani tupu kwenye faili jipya kabisa, kisha kulituma hilo jipya.

Ugumu wa kweli uko kwenye idadi ndogo, na hapo ndipo Meru na Embu zinatofautiana na Nairobi. Tuseme wanunuzi wa msimu ni 96: Imenti Kaskazini 31, Imenti Kusini 27, Imenti ya Kati 19, Embu Mashariki 11, Mbeere Kusini 6, na Mbeere Kaskazini 2. Hakuna jina hata moja. Hata hivyo, wanunuzi wawili wa miche ya Hass upande wa Siakago, kwenye eneo kame ambako wengi hupanda muguka na maembe, majirani wanawajua, na wakala wa pembejeo anawajua zaidi. Ukiambatisha idadi ya miche, umetangaza mtaji wao. Basi unaweka kiwango cha chini, tuseme watano, na unaandika «chini ya 5» penye 2. Lakini umeacha jumla ya 96 na hesabu nyingine tano, na yeyote anayejua kutoa atapata 2 yake. Lazima ufiche hesabu mbili au uunganishe maeneo. Kuunganisha ni bora: Mbeere yote, 8. Mshirika hapotezi lolote la maana, kwa kuwa wanunuzi wawili hawawezi kumwambia kama tangazo linafanya kazi Mbeere au la.

Kuna uvujaji mwingine unaokuja polepole. Ripoti ya wiki iliyopita ilisema Mbeere 8 na miche 410, ya wiki hii inasema 9 na miche 710. Mwenye ripoti zote mbili sasa anajua kwamba mtu mmoja wa Mbeere amenunua miche 300 wiki hii. Ripoti za jumla inayokua zinapaswa kutolewa kwa vipindi virefu, msimu kwa msimu, au kusubiri hadi kila eneo liongeze angalau kiwango kile kile cha watano.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mshirika anayelipa kwa kila mnunuzi. Atauliza, na ana haki: nitajuaje kwamba hao 96 wapo? Kumpa nambari zote ili apige simu ndilo jibu jepesi, nalo linamgeuza mkaguzi kuwa mmiliki wa orodha. Kuna njia nyingine mbili. Ya kwanza, apewe `nje.csv` iliyobakizwa walionunua tu, achague mwenyewe humo misimbo 15 au 20, aje ofisini, aonyeshwe risiti za hiyo misimbo kwenye skrini ya mwenye kitalu, aondoke na jibu la ndiyo au hapana kwa kila mmoja. Orodha ya wanunuzi hewa haivumilii ukaguzi wa aina hiyo, kwa kuwa aliyeitunga hajui misimbo ipi itachaguliwa. Ya pili inamfaa wakala wa matangazo: mwenye kitalu apakie mauzo mwenyewe kwenye akaunti yake ya Meta, na wakala asome hesabu za kila tangazo bila kugusa faili. Njia hii inaipa Meta taarifa ya nani alinunua, kwa hiyo ni lazima fomu iwe imemwambia mkulima hivyo kabla hajabonyeza kutuma. Kama haijasema, ibaki ile ya kwanza.

Na kabla `nje.csv` au jedwali halijatumwa, kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Mpe alisome mwendesha boda boda anayepeleka miche, mtu ambaye tayari anawajua wateja, na umwombe akuonyeshe mstari ambao anamtambua mwenyewe wake. Akionyesha hata mmoja, rudi ukaunganishe maeneo tena au uondoe siku.