Mapigo Bilioni Mbili na Ushei, na Mbu Asiyefika Siku ya 28

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika. Saa moja ina dakika 60, siku ina dakika 1,440, na mwaka wa siku 365 una dakika 525,600. Zidisha 70 kwa hizo za mwaka, unapata mapigo milioni 36 na laki 8 hivi. Mpe mtu huyo miaka 65 ya kuishi, na hesabu inafika 2,391,480,000.

Hesabu hiyo haina kosa hata tarakimu moja. Tatizo ni kwamba inajifanya kujua mambo ambayo haiyajui. Zile tarakimu za mwisho zimetoka kwenye kuzidisha tu, si kwenye kifua cha mtu, na anayeziandika zote anamdanganya msomaji bila kukusudia. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba moyo hupiga mara bilioni mbili na ushei katika maisha ya mtu. Ili kujua huo ushei ni mkubwa kiasi gani, inabidi kurudi nyuma na kuuliza ile 70 ilitoka wapi.

Chukua mchuma chai wa kubuni katika mashamba ya Kwamkoro, jirani na Amani, kwenye Milima ya Usambara Mashariki. Anapimwa asubuhi kabla ya kazi. Mpimaji anaweka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hatumii dole gumba lake mwenyewe, kwa sababu nalo lina mshipa unaodunda, na anaweza kujikuta anahesabu mapigo yake badala ya ya mwenzake. Anaangalia saa kwa sekunde 15, anahesabu mapigo, kisha anazidisha kwa 4.

Hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Akikosea pigo moja tu katika zile sekunde 15, kosa linakuwa mapigo manne kwa dakika. Kosa hilo linasafiri na hesabu yote, kutoka dakika hadi saa, siku, mwaka na miaka 65, na mwishoni limekuwa mapigo milioni 137. Akihesabu dakika nzima, pigo moja lililomponyoka linazaa kosa la milioni 34. Kwa upande mwingine, wapo wanaojisumbua na siku za mwaka mrefu. Katika miaka 65 siku hizo ni 16 hivi, na kwa pamoja zinaongeza mapigo milioni 1.6. Kuzihangaikia huku kipimo cha asubuhi kilichukuliwa haraka haraka ni kazi bure.

Halafu mchuma chai hakai kitako kutwa. Tuseme analala saa nane moyo ukipiga mara 58, anapanda na kushuka miteremko na kikapu kwa saa nane ukipiga 95, na saa nane zilizobaki anapika, anakula na kupiga soga ukipiga 75. Wastani wa vipande hivyo vitatu ni 76, si 70. Utoto nao umesahaulika. Moyo wa mtoto mchanga hupiga kati ya mara 120 na 160 kwa dakika, kisha hupungua kadiri anavyokua. Ukiipa miaka kumi ya kwanza wastani wa 100, maisha yale yale ya mapigo 70 yanaongezeka kwa milioni 158. Jumla inasogea hadi karibu bilioni 2.5.

Kumbe hata baada ya marekebisho hayo jibu halijahama mbali. Asilimia chache huku, asilimia chache kule, na bado tuko kwenye bilioni mbili na kitu. Hiyo ndiyo tabia ya hesabu ya kuzidisha tupu: kosa la asilimia kumi kwenye kiwango huleta kosa la asilimia kumi kwenye jibu, basi. Halipungui wala halizidi. Pumzi nazo hufuata mkondo huo huo. Pumzi 15 kwa dakika ni karibu milioni 7.9 kwa mwaka, na kama nusu bilioni katika miaka 65. Makadirio haya mawili yanaweza kuchungana, maana mtu aliyetulia hupata mapigo manne au matano kwa kila pumzi moja. Bilioni 2.4 ukigawa kwa nusu bilioni unapata karibu tano, kwa hiyo hakuna sifuri iliyodondoka njiani. Sifuri moja ikidondoka uwiano ungekuwa nusu pigo kwa pumzi, jambo ambalo mtu anaweza kulikataa kwa kujishika mkono tu.

Lakini Amani yenyewe inajulikana kwa hesabu ya maisha ya kiumbe mwingine, na huko mchezo unabadilika. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo na mimea. Katika miaka ya 1950, chini ya Waingereza, majengo hayo yalikuwa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Mtaalamu wa wadudu Mick Gillies alifanya kazi huko, na vijiji vya Muheza vilivyo chini ya mlima vilikuwa uwanja wake. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: mbu jike anaishi siku ngapi?

Mbu hana cheti cha kuzaliwa, wala huwezi kumfuata usiku kucha. Njia mojawapo ilikuwa kuwatia mbu alama, kuwaachia, kisha kuangalia wanaokamatwa tena baada ya siku ngapi. Njia nyingine, ambayo Gillies na mwenzake Wilkes walichapisha matokeo yake mwaka 1965, ilikuwa ya kumpasua mbu chini ya darubini. Mbu jike hunywa damu, hukomaza mayai, huyataga, kisha hurudi kutafuta damu nyingine. Kila mzunguko huacha kivimbe kidogo kwenye vijishina vya ovari zake. Mtaalamu Mrusi Polovodova ndiye aliyeonyesha kwamba vivimbe hivyo vinaweza kuhesabiwa. Fundi mwenye sindano nyembamba na subira huvuta kijishina polepole hadi kinyooke, na kuona kama kina kivimbe kimoja, viwili au vinne.

Kutoka hapo ni kuzidisha tena. Vivimbe vinne, kila mzunguko siku tatu, ni siku 12. Ongeza kama siku tatu za kabla ya mzunguko wa kwanza, na mbu huyo ana siku 15. Ila joto likiwa kali mzunguko unaweza kuisha kwa siku mbili, na vivimbe vile vile vinne vinatoa siku 11. Kwa moyo wa mchuma chai tofauti ya namna hiyo ingekuwa ya kupuuzwa. Kwa mbu si hivyo, kwa sababu kuna siku maalumu ambayo lazima aifikie ndipo awe hatari.

Vimelea vya malaria anavyovinyonya kwa mgonjwa haviwi tayari kuambukiza papo hapo. Hukua tumboni mwake kisha hupanda hadi kwenye tezi za mate, na muda wa safari hiyo hutegemea joto. Kwa vimelea aina ya falciparum, kanuni inayotumika sana, iliyotokana na kazi za Warusi na inayohusishwa na jina la Detinova, ni hii: toa 16 kwenye nyuzi joto za Selsiasi, kisha gawa 111 kwa kinachobaki. Tambarare yenye nyuzi 25 inatoa 111 kwa 9, yaani siku 12 na kidogo. Penye nyuzi 20, ambazo ziko karibu na wastani wa Amani, ni 111 kwa 4, yaani karibu siku 28.

Sasa chukua mbu 100 walionyonya vimelea siku moja, na ukubali kwa mfano kwamba 85 kati ya kila 100 huvuka siku wakiwa hai. Hesabu hii haizidishi siku kwa siku kama mapigo. Inazidisha 0.85 kwa yenyewe, mara moja kwa kila siku. Baada ya siku 12 wamebaki 14. Baada ya siku 28 amebaki mmoja.

Badilisha ile 0.85 iwe 0.90, tofauti ambayo mpimaji wa kawaida asingeigundua kijijini. Tambarare wanabaki 28, maradufu ya mwanzo. Kule juu wanabaki watano, mara tano ya mwanzo. Kosa dogo kwenye kiwango cha siku moja limekuwa kosa kubwa mno mwishoni, na limekuwa kubwa zaidi pale muda ulipokuwa mrefu zaidi. Ndiyo maana watu wa Amani walitumia miaka kutafuta namba moja ya uhai wa mbu kwa siku, na ndiyo maana George Macdonald, aliyeandika hesabu hizi miaka ya 1950, aliona kwamba kufupisha maisha ya mbu mzima kunaleta faida kubwa kuliko kupunguza idadi ya mbu kwa kiasi hicho hicho. Dawa inayopulizwa ukutani inafanya kazi kwa njia hiyo: haihitaji kuua kila mbu, inahitaji kuzuia wengi wasifike siku ya 12.

Kanuni ya nyuzi joto nayo ina mpaka wake. Mbu hapumziki kwenye kituo cha hali ya hewa. Hukaa ndani ya nyumba, karibu na jiko, ambako kunaweza kuwa na joto kidogo zaidi ya nje. Nyuzi 22 badala ya 20 zinashusha siku 28 hadi 18 na nusu. Anayekadiria kwa joto la nje peke yake atawapa watu wa milimani usalama ambao hawana.

Vipimo vya uwanjani vilikuja kuonyesha ukubwa wa tofauti kati ya tambarare na milimani. Watafiti wakiongozwa na René Bødker walipima vijiji vya Usambara kuanzia mita 300 hadi mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba maambukizi ya malaria yanayoletwa na mbu yalipungua kwa takriban mara elfu moja kutoka tambarare hadi uwanda wa juu. Watoto waliokutwa na vimelea kwenye damu hawakupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kukaa mwilini kwa miezi, na mtoto wa tambarare aliyekwisha kuumwa na mbu mwenye vimelea mara moja huhesabiwa mmoja tu, hata akiumwa tena mara hamsini mwaka huo.