Kuzipatanisha Kinga Mbili

Mtu akisikia neno upandikizaji huwaza kisu na nyuzi. Mtoto mwenye selimundu anayepandikizwa uloto, tiba ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma inaitoa tangu 2023, hapasuliwi. Hutundikiwa mfuko mwekundu kama wa damu, ukatiririka kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, na baada ya saa chache umekwisha. Ustadi ninaoustahi uko kabla na baada ya mfuko huo: kuzifanya kinga za watu wawili zikae kwa amani ndani ya mwili mmoja.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 8, mwenye kilo 20, na dada yake wa miaka 12. Kwanza hupimwa alama za HLA zilizo juu ya chembe za mwili, ambazo kinga huzitumia kumtambua aliye wake na asiye wake. Kila mtoto hurithi fungu moja la alama hizo kwa baba na jingine kwa mama, hivyo uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya minne. Kundi la damu si kizuizi. Mvulana wa kundi O akipewa uloto wa dada wa kundi A, baada ya miezi damu yake huwa A. Hata dada aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu anafaa, maadamu mwenyewe haumwi.

Siku ya kuvuna, dada hulazwa kifudifudi akiwa amelala kwa nusukaputi. Daktari hupenyeza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, na kuvuta mililita chache, labda 5. Kisha huisogeza sindano mahali pengine mfupani na kuvuta tena. Angevuta nyingi kwa pupa mahali pamoja, angepata zaidi damu ya kawaida, na seli shina zingekuwa haba. Kwa kilo 20 za mvulana zinahitajika kama mililita 300, yaani mivuto zaidi ya 50. Dada huamka na maumivu ya nyonga, na mwili wake huuzalisha upya uloto huo katika wiki chache.

Wakati huohuo mvulana amekwisha kupewa dawa kali, kama busulfani na siklofosfamidi, za kuuondoa uloto wake na kuilaza kinga yake. Dawa hizi zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na wazazi huelezwa hilo mapema. Siku ya mfuko huitwa siku sifuri. Seli shina huingia damuni na zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa. Kisha huja kungoja. Chembe nyeupe hushuka karibu na sifuri, mdomo hutoka vidonda, na homa ya usiku hutibiwa saa hiyohiyo, bila kusubiri majibu ya maabara. Kila asubuhi damu hupimwa. Baada ya wiki mbili hadi nne, chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikizidi 500 kwa maikrolita kwa siku tatu mfululizo, uloto umeshika.

Hapo ndipo hatari nyingine huchungwa. Chembe T za dada zinaweza kumwona mvulana kuwa ndiye mgeni na kumshambulia. Dalili huanzia kwenye ngozi: vipele vyekundu viganjani na kwenye nyayo. Utumbo ukiguswa, huja kuhara maji, na wauguzi hupima ujazo wake kila siku. Ini likiguswa, macho huwa manjano. Kwa kuwa dawa na maambukizi huleta dalili zizo hizo, mara nyingi kipande kidogo cha ngozi au utumbo hukatwa kikachunguzwe. Siklosporini hutolewa tangu mwanzo kuzuia shambulio, na likitokea huongezwa steroidi. Lakini ukiifunga kinga mno, virusi hupata mwanya.

Kwenye saratani ya damu daktari huweza kulivumilia shambulio dogo, kwani chembe hizohizo huwinda saratani iliyobaki. Kwenye selimundu halina faida yoyote, kwa hiyo hulenga kulizuia kabisa. Tena hahitaji ushindi kamili. Chembe nyekundu za dada huishi siku 120 hivi, zile za selimundu 10 hadi 20 tu. Hivyo hata sehemu ya tano tu ya uloto ikiwa ya dada, sehemu kubwa ya damu nyekundu inayozunguka mwilini mwa mvulana huwa nzima. Siklosporini hupunguzwa kidogokidogo kwa miezi, huku maabara ikipima sehemu hiyo imebaki kiasi gani.