Tua mwana: wimbo wa mistari minne na kazi ya mkono

Wimbo wenyewe una mistari minne, na wa kwanza ndio wa mwisho:

Tua mwana, tua mwana,
Jua limekwisha tua,
Babu yuko koroshoni,
Tua mwana, tua mwana.

Aliutunga mama yangu mdogo huko Bungu, wilaya ya Kibiti, binti yake alipojifungua na kuja kumalizia arobaini yake kwa mama. Ukimwambia kwamba ametunga atakukatalia. Atasema alikuwa anambembeleza mtoto tu, maneno yakaja. Lakini nimemsikiliza vya kutosha kujua kwamba maneno hayaji ovyo. Kuna yanayokaa na kuna yanayotupwa njiani, na anayeamua ni mkono wake wa kulia, ule unaompigapiga mtoto mgongoni.

Hesabu mizani za mstari wa kwanza: tu-a-mwa-na-tu-a-mwa-na. Ni nane, nusu ya mshororo wa kawaida wa shairi la mizani kumi na sita, na zinatosha pumzi moja ya mtu mzima aliyeketi na mzigo kifuani. Mkono unagonga mara nne kwa mstari: mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Sasa tazama mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo neno la silabi mbili lina mkazo mwanzoni kila mara. Mstari uliojengwa kwa maneno manne ya silabi mbili unaupa mkono mikazo minne inayoangukia pale pale unapogonga. Sauti na mkono vinakuwa kitu kimoja, na mtoto anapata ujumbe uleule sikioni na mgongoni kwa wakati mmoja.

Mstari wa tatu ndio unaobadilika. Leo babu yuko koroshoni, kesho itakuwa "Baba yuko mashuani", kwa kuwa baba wa mtoto hushuka Nyamisati kwa shughuli za Mafia. Ukiutazama kwa karibu utaona kiolezo: mtu wa silabi mbili, halafu "yuko", halafu mahali pa silabi nne panapoishia na "-ni". Ile "-ni" inausogeza mkazo hadi mizani ya saba, yaani chini ya pigo la mwisho. Mahali pakiwa pafupi, kama sokoni, mstari unapungukiwa na mizani moja, na mama mdogo anaifidia kwa kuvuta silabi ya kwanza: "Kaka yuko sooo-koni". Akivuta ya pili mkazo unaliwahi pigo, na nimemsikia akijisahihisha palepale bila kuukatisha wimbo.

Aliyeleta shida ni shangazi wa mtoto, aliyekuja kutoka Ikwiriri na kutaka naye atajwe. "Shangazi yuko jikoni" una mizani nane kamili. Mwalimu wa ushairi angeuwekea alama ya vema. Lakini uimbe huku ukigonga meza na utaona unavyochechemea: mikazo inaangukia mizani ya pili, ya nne na ya saba, huku mkono ukigonga ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Vinakutana mara moja tu, mwishoni kabisa. Mama mdogo aliuimba mara moja, mkono ukasita, mtoto akafumbua macho. Aliporudi kwenye mstari huo ulikuwa hivi: "Na shangazi yu jikoni". Ameongeza "na" mbele, amekata "-ko" nyuma. Mizani zimebaki nane, ila sasa mkazo wa "shangazi" umesogea hadi mizani ya tatu, "yu" imekaa ya tano na "jikoni" imebaki na mkazo wake wa saba. Hakuna aliyemfundisha. Kuhesabu mizani peke yake kunatosha kwa shairi la kusomwa kwa macho. Wimbo wa kubembeleza unadai pia kwamba mkazo ulale chini ya pigo.

Mtu atauliza: mtoto wa siku kumi ana habari gani na korosho? Hana. Mstari ule wa tatu haumsemeshi yeye. Chumbani yumo mtu wa pili, mzazi, ambaye hajatoka nje tangu arudi na mtoto, na kila jioni anaambiwa kwa wimbo nani yuko wapi. Ukifika usiku mama mdogo hubadilisha: "Mama yuko kitandani". Hapo mama wa mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda, anataka kusaidia.

"Mama, nilete maziwa?" aliuliza usiku mmoja.

Jibu lilikuwa mstari uleule, mara mbili, kwa sauti ya chini zaidi. Akajilaza.

Kwa hiyo mistari mitatu ni ya mtoto na mmoja ni wa watu wazima, na ndiyo maana ile ya mtoto haiguswi. Mtoto mchanga anachokipata humo ni sauti tu, na sauti hizo zimechaguliwa vizuri. "Tua mwana" una irabu mbili tu, u na a, na konsonanti chache, na unaishia na "na", silabi inayoweza kufungwa midomo ikawa mguno bila mtu kusikia mshono. Lahani yake ni fupi: noti nne hivi, inaanza juu kidogo na kushuka, na mstari wa mwisho unashuka kuliko wa kwanza ingawa maneno ni yaleyale. Mama mdogo haimbi kwa sauti ya harusini. Anaimba kwa sauti ya kifuani, sikio la mtoto likiwa limelala juu ya kifua hichohicho, kwa hiyo mtoto anausikia wimbo na kuuhisi ukitetemeka.

Lugha yenyewe haibebi uzito mkubwa katika hatua hii. Mama mdogo huzungumza Kindengereko na wazee wenzake, ila wajukuu anawaimbia Kiswahili kwa sababu ndicho watakachokua nacho. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha majaribio ambamo watoto wa Marekani, wote chini ya umri wa miaka miwili, walisikilizishwa nyimbo za kubembeleza za jamii ngeni, kwa lugha wasizozijua. Mapigo ya moyo yalishuka zaidi kwa nyimbo hizo kuliko kwa nyimbo nyingine za jamii hizohizo. Umbo la wimbo lilifika mahali ambapo maneno hayakufika.

Kilichonichukua muda kukiona ni kasi. Nilidhani wimbo wa kulaza huanza polepole. Hauanzi hivyo kwa mtoto anayelia. Moyo wa mtoto mchanga aliyetulia hupiga kati ya mara 120 na 160 kwa dakika, na akilia hupanda zaidi. Ukimwanzia na wimbo wa kulegea hausikii. Mama mdogo humwanzia akiwa amesimama, anatembea toka mlangoni hadi dirishani, na mkono unagonga upesi, karibu mara tisini kwa dakika kwa saa ya simu yangu. Sauti yake ni kubwa kiasi cha kukipita kilio. Kilio kikikatika kidogo, anaketi, na mapigo yanashuka hadi kama sitini, yaani pigo moja kwa sekunde na mstari mmoja kwa sekunde nne. Ubeti mzima, pamoja na kuvuta pumzi baada ya kila mistari miwili, unachukua kama sekunde ishirini. Baada ya hapo kasi haibadiliki tena sana. Kinachobadilika ni wingi wa vitu.

Anaanza kupunguza. Kwanza unaondoka mstari wa korosho, kwa kuwa ndio wenye habari mpya na habari mpya humwamsha mtu. Kisha unaondoka wa jua. Inabaki "tua mwana" ikirudiwa, halafu irabu peke yake, halafu mguno wa midomo iliyofungwa. Wimbo ukishaisha mkono bado unagonga. Mkono nao unapunguza: kutoka kugonga hadi kubonyeza, kutoka kubonyeza hadi kutulia mgongoni bila kuinuka. "Ukiuondoa ghafla, mwanangu, anajua umeondoka," aliniambia. Hili ndilo kosa la wengi wetu: tunaona macho yamefumba, tunanyamaza papo hapo, na ule ukimya wa ghafla ndio unaomshtua.

Macho kufumba hakutoshi. Mtoto mchanga huingia usingizini kupitia usingizi mwepesi: kope zinacheza, mdomo unatabasamu au unanuna, pumzi inakwenda haraka kisha inasita. Ukimlaza hapo utarudi mwanzo. Mama mdogo huuinua mkono wa mtoto kwa kidole kimoja na kuuachia. Ukirudi wenyewe kifuani, bado. Ukianguka kama kitambaa, tayari. Timu ya taasisi ya RIKEN ya Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ilipendekeza utaratibu unaofanana sana na wake: mbebe mtoto anayelia na utembee naye dakika tano, kisha keti naye kati ya dakika tano na nane akiwa amelala, ndipo umlaze. Walichoona ni kwamba mapigo ya moyo hubadilika tangu mwili wa mtoto unapoanza kubanduliwa na wa mbebaji. Kwa hiyo mama mdogo huinama na mtoto akiwa bado kifuani, hutanguliza makalio kwenye godoro, kichwa mwisho, kwa sababu kichwa kikienda nyuma mikono hutupwa pembeni na mtoto hushtuka. Humlaza chali, na kiganja hubaki kifuani mwake kwa muda wa ubeti mmoja usioimbwa.

Kuna kilio kisicho cha wimbo. Mtoto anayegeuza kichwa kutafuta na kunyonya ngumi ana njaa, na beti kumi hazitamshibisha. Mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au anayekataa kabisa kunyonya, anapelekwa kituo cha afya usiku huohuo. Mama mdogo huanza kwa kumpapasa shingoni na kumtazama mdomo kabla hajafungua wake.

Mzazi aliporudi Dar es Salaam aliurekodi wimbo kwenye simu. Haukufanya kazi, na sababu iko kwenye rekodi yenyewe: ilichukuliwa mtoto akiwa ameshatulia, kwa hiyo inaanza na kasi ya mwisho, na inakatika ghafla mahali alipobonyeza kitufe. Sasa huitumia kukumbuka lahani tu. Anaisikiliza ubeti mmoja, anaizima, anaanza yeye mwenyewe akiwa amesimama, kwa kasi ya kilio, na mstari wa tatu ameubadilisha: "Bibi yuko kule Bungu".