Jina la nyumba mpya Ufukoni: lipimwe kwa sikio

Anayejenga nyumba za kupangisha katika kata ya Ufukoni, Mtwara, hukaribia sana kuziita Ufukoni. Jina tamu, lakini halimfikishi mtu popote, kwa kuwa kata nzima inaitwa hivyo. Mgeni akimwambia dereva wa bodaboda ampeleke Ufukoni, safari inaanza kwa swali: Ufukoni ipi?

Wengi wakitafuta jina huangalia kama limeshatumika mahali pengine. Mtwara ingekuwa imeshindwa mtihani huo zamani, maana ina Magomeni na Tandika kama Dar es Salaam, na ina Shangani na Rahaleo kama Unguja. Hata hivyo majina hayo hayasumbui sana. Anayetuma mzigo hutaja mji kwanza, na kila kata nchini ina postikodi yake. Mgongano wa mbali hauna gharama kubwa. Unaopoteza watu ni ule wa karibu, wa majina yanayotajwa na watu walewale katika safari zilezile, na huo hauonekani kwenye orodha. Unasikika kwenye simu.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hiyo ndiyo silabi inayopenya upepo na mlio wa pikipiki. Silabi ya mwisho hufifia. Sasa pima Ruvuma na Ruvula, ule ufuko wa rasi ya Msimbati karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Mkazo wa yote mawili uko kwenye "vu", na tofauti yote imebanwa katika silabi ya mwisho. Kwa sikio hakuna jozi mbaya kuliko hiyo. Msimbati yenyewe ina shida hiyohiyo mbele ya Msimbazi ya Dar es Salaam, ila umbali unaiokoa. Nanyamba na Nanyumbu, zote za mkoa wa Mtwara, zina nafuu kidogo kwa sababu zinatofautiana palepale penye mkazo, "nya" na "nyu". Tena msafiri wa Nanyumbu mara nyingi hutaja Mangaka, makao makuu ya wilaya, na utata unaisha.

Kwa hiyo anayetafuta jina Ufukoni aandike kwanza majina yote yanayoitwa kila siku mjini: kata, mitaa, vituo vya daladala, shule, nyumba za wageni. Kisha ayasome kwa sauti. Atagundua jambo ambalo ramani haimwambii: Shangani, Ufukoni, Magomeni, Vigaeni, Jangwani, Magengeni. Manispaa imejaa majina yanayoishia na "-ni", na jina jingine la umbo hilo litazama humo hata kama halifanani na lolote. Upande wa pili kuna Naliendele, Nanguruwe, Nanyamba. Mwanzo wa "Na-" nao umeshajaa. Jina la Ruvuma mimi ningelikataa kabisa, maana aliye mbali atafikiria mkoa wa Ruvuma na Songea yake.

Tuchukue mfano wa nyumba ambazo mwenyewe anataka zibebe jina la mikoko, miti ya mlango wa Ruvuma. Mkoko wenyewe ni jina jepesi, lakini mtu yeyote wa pwani anaweza kulifikiria, na kesho jirani atalitumia. Mchu ni fupi mno. Kwenye simu linapita kabla halijashikwa. Muia ni irabu tupu baada ya "m", halina konsonanti ngumu ya kushikilia. Mkandaa ni zuri likitamkwa, lakini likiandikwa kwa haraka linapoteza "a" moja na kuwa mkanda. Mlilana linasikika vizuri, ila "l" mbili zikifuatana huwatelezesha wengi. Linabaki mkomafi. Lina "k", "m" na "f" zinazoachana wazi, mkazo uko kwenye "ma", halianzi na "Na-" wala haliishii na "-ni", na linaandikwa kama linavyotamkwa. Mti wenyewe huzaa tunda kubwa la mviringo linaloweza kuchorwa getini, likamsaidia asiyejua kusoma.

Bado lijaribiwe. Mpigie simu mtu aliye kijiweni, taja jina mara moja tu bila kulirudia, kisha mwombe akutumie ujumbe wa alichosikia. Fanya hivyo kwa watu kumi wasiojua mradi. Wakiandika maumbo mawili au matatu, jina lina kasoro. Wakiandika jina la mahali pengine, liache, hata kama familia imeshalipenda. Makosa ya kuunganisha au kutenganisha maneno nayo yahesabiwe: jina la maneno mawili, kama Raha Leo inayoandikwa pia Rahaleo, huwa maingizo mawili katika simu ya mtafutaji.

Likishapita, umbo moja tu liende ofisi ya mtaa, kwenye mfumo wa anwani za makazi, kwenye mkataba wa mpangaji na kwenye kibao, herufi kwa herufi. Fundi wa kibao apewe jina kwa maandishi, asitajiwe kwa mdomo.