Maelezo Binafsi Yaliyopatikana Kaunta ya Duka la Dawa

Anayeomba kusomea udaktari katika vyuo vikuu vya Uingereza hupeleka maombi yake UCAS kabla ya saa kumi na mbili jioni ya huko, tarehe 15 Oktoba. Kwetu Dar es Salaam hiyo ni saa mbili usiku. Ndani ya fomu kuna maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi zikiwemo. Kuanzia waombaji wa masomo ya 2026, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unaitaka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa.

Binti mmoja ninayetaka kumzungumzia alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Jioni ya tarehe 14 rasimu yake ilikuwa imejaa hadi karibu na kikomo, na Kiingereza chake hakikuwa na kasoro. Ilianza na ndoto ya utotoni ya kuvaa koti jeupe, ikapita kwenye moyo wa huruma, ikaishia kwenye ari ya kuitumikia jamii. Kaka yake aliisoma akamuuliza, "Mdogo wangu, hapa wewe uko wapi?"

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka tukiangalie. Hakutafuta maneno mazuri zaidi. Alifuta kila sentensi ambayo mwanafunzi mwingine yeyote wa PCB angeweza kuiandika bila kubadilisha neno. Ukurasa ukabaki na sentensi moja tu: wakati wa likizo alikuwa akimsaidia shangazi yake kwenye duka la dawa muhimu. Wengi wangeiona sentensi hiyo ni ya kujazia nafasi, lakini ndiyo pekee iliyokuwa na mahali, watu na kazi.

Akampigia simu shangazi. "Shikamoo shangazi. Yule mzee aliyerudi na homa, mimi nilimpa dawa gani?"

"Marahaba mwanangu. Hukumpa wewe, nilimpa mimi. Wewe ulimwandikia saa."

Jibu hilo lilimsaidia mara mbili. Kwanza, lilimzuia kudai kwamba alitibu mtu. Wanaosoma maombi ya udaktari hutaka kujua mwombaji ameona nini na amejifunza nini, na anayejitwika kazi ya mtaalamu huonekana hajui mipaka yake. Pili, lilimkumbusha kitu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria, aliyopewa mzee yule, ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara sita, ndani ya siku tatu. Dozi ya pili huliwa saa nane baada ya ya kwanza, na zinazofuata huanzia saa ya 24, kila baada ya saa kumi na mbili. Mteja anayeambiwa "mara mbili kwa siku" hawezi kuyajua hayo. Aliyeanza saa nne asubuhi anatakiwa kumeza tena saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne asubuhi ya kesho yake. Mzee yule alijisikia nafuu siku ya pili, akaacha. Aliporudi, akapimwa na kupewa dozi nyingine, binti aliandika saa zote sita juu ya pakiti.

Sasa maswali matatu yakapata majibu kutoka tukio moja. La nje ya darasa likachukua kaunta na ile pakiti. La masomo likachukua sababu: dawa ya kwanza katika mseto huua vimelea kwa kasi lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache, na ya pili hubaki kwa siku kadhaa kumalizia vilivyosalia, hivyo nafuu huja kabla kazi haijaisha. Swali la kwanza ndilo lililomlaza usiku wa manane, kwa kuwa hadithi hii ingemfaa vilevile anayeomba ufamasia. Aliandika kwamba pale kaunta hakuwa na njia ya kujua kama homa ile ilirudi kwa sababu ya vidonge vilivyoachwa au kwa ugonjwa mwingine kabisa, na kwamba yeye anataka kuwa mtu anayepaswa kulijibu swali hilo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sentensi bora kuliko zote alizoandika.

Aliandika kila jibu kwa Kiswahili kwanza, kama anavyomsimulia kaka yake, ndipo akaliandika kwa Kiingereza. Jina la mzee na la mtaa hakuyataja. Aliacha nafasi za herufi zaidi ya 300 zikiwa tupu, na hakujaribu kuzijaza, uamuzi ninaouunga mkono.

Wewe unayeomba kupitia shule, kumbuka kwamba fomu haiendi UCAS moja kwa moja kutoka kwako. Humfikia kwanza mwalimu, ambaye lazima aambatishe maelezo yake kukuhusu kabla ya kuituma. Muulize leo anaitaka siku gani na saa ngapi, na hesabu kwa saa yake, si kwa saa mbili usiku ya tarehe 15.