Kuazima, Kuweka Rehani na Kuiba: Uhakiki wa Usomaji wa Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu

Msomaji anayetoka kwenye vitabu vya sheria ya Uingereza huamini kwamba hakuna wizi pasipo nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Imani hiyo ina msingi kwao, kwa kuwa Sheria ya Wizi ya 1968 imeiweka nia hiyo katika fasili yenyewe. Uhakiki huu unadai kwamba kuihamishia imani hiyo Tanzania ni kukisoma kifungu nusu.

Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataka mtu achukue mali, au aigeuzie matumizi yasiyo ya mwenyewe, kwa udanganyifu na bila dai la haki. Kisha kinataja nia zinazoufanya udanganyifu huo. Kumnyima mwenyewe moja kwa moja ni mojawapo tu. Nyingine ni nia ya kuitumia mali kama rehani, na nia ya kuitendea kwa namna ambayo haiwezi kurudishwa katika hali yake ya awali.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka machimbo ya Nyarugusu, Geita. Mchimbaji anaazima pampu ya maji kwa siku tatu ili akaushe duara lake. Siku ya nne bado anaitumia. Hapo amevunja makubaliano, na mwenye pampu anaweza kudai fidia kwa njia ya madai. Wizi bado haujathibitika. Siku ya tano anaiweka pampu rehani ili apate fedha za kulipia karasha, akikusudia kwa dhati kuikomboa mawe yake yakisagwa na dhahabu kupatikana.

Anayeishia kwenye nia ya kunyima moja kwa moja atamwachia huru, kwa kuwa alikusudia kurudisha. Kifungu kinasema vingine: nia ya kuweka rehani inatosha. Wala hatajitetea kwamba alipewa pampu kwa hiari, kwa sababu mali inaweza kugeuzwa ikiwa tayari mikononi mwa anayeigeuza. Kwa hiyo hati ya mashtaka itaje siku ya kuweka rehani, si siku ya kuazima. Ikitaja ya kuazima, ushahidi utaonyesha ridhaa ya mwenyewe.

Hata hivyo, kifungu cha 9 kinabaki kuwa kinga. Iwapo mchimbaji aliamini kwa unyofu kwamba pampu ni ya ubia wa duara, naye ana haki ya kuiweka rehani, hana kosa, hata kama imani hiyo ilikuwa na makosa. Unyofu huo hupimwa kwa mwenendo wake: je, aliiweka rehani waziwazi mbele ya wabia, au usiku, akimwambia mwenyewe kwamba pampu bado iko shimoni?

Basi swali la kwanza kwa hakimu wa Geita au Shinyanga lisiwe kama mwazimaji alikusudia kurudisha. Liwe alikusudia kuifanyia nini mali ile kabla ya kuirudisha.