Tuisheni Kumsenga: hesabu iliyojificha kwenye mshahara

Mwalimu wa sekondari binafsi anayefundisha tuisheni jioni pale Kumsenga akipata barua ya TRA, jibu la kwanza huwa: "Mauzo yangu hayafiki milioni 4, sidaiwi." Ni kweli kwamba mfanyabiashara mdogo aliye chini ya kiwango hicho halipi kodi ya mapato. Lakini utaratibu huo wa kukadiria kwa mauzo ni wa mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara. Mwenye mshahara hamo. Tena huduma za mafunzo zimetengwa na utaratibu huo, hata kwa asiye na ajira. Kwa hiyo tuisheni inajumlishwa na mshahara.

Tuchukue mfano. Mshahara, baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 540,000 kwa mwezi, yaani 6,480,000 kwa mwaka. Wanafunzi 10 wanalipa 20,000 kila mmoja kwa miezi 10: shilingi 2,000,000. Kodi ya chumba, fotokopi na chaki vimekula 500,000, imebaki faida ya 1,500,000. Jumla ni 7,980,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 588,000. Mwajiri ameshakata 288,000, hivyo deni ni 300,000.

Faida hiyo yote imeangukia daraja la asilimia 20, kwa sababu mshahara peke yake umeshavuka 6,240,000. Ndipo wengi wanaposhtuka.

Sasa barua yenyewe. Soma kama inakuita kujisajili au ni makadirio ya kodi yenye kiasi cha kulipa. Ya kwanza inamalizwa na TIN, ambayo haina malipo. Ukiwa na kitambulisho cha NIDA unaiombea mtandaoni au ofisini. Aliyekuwa na TIN ya leseni ya udereva haombi nyingine, anaomba ibadilishwe iwe ya biashara. Leseni ya biashara ni jambo jingine, ulizia halmashauri.

Makadirio yana saa inayotembea. Una siku 30 tangu yakufikie kuweka pingamizi kwa maandishi, na pingamizi halipokelewi bila kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Barua ikidai 720,000, theluthi ni 240,000. Mwalimu wetu anakubali 300,000, basi analipa 300,000 na kubishania 420,000. Aliyekwama anaweza kumwomba Kamishna ampunguzie amana hiyo.

Kinachobeba pingamizi ni daftari: tarehe, jina la mwanafunzi, kiasi, na risiti za matumizi. Mara nyingi ada huingia kwenye simu ileile inayopokea hela za nyumbani, na asiyezitenganisha hana la kujibu ofisa akihesabu zote kuwa tuisheni. Laini ya pili inatosha.

Kwa mwaka unaofuata, makadirio ya mwenyewe hupelekwa kufikia 31 Machi na kulipwa kwa awamu 4. Ritani ya mwisho ni 30 Juni ya mwaka unaofuata huo.